Nani Alilipia Sentensi Hii?

Ukishikwa na polisi na unataka kutoka kabla kesi yako haijasikizwa, unatafuta mdhamini. Huyo ni mtu anayeweka jina lake na mali yake mbele ya sheria kwa ajili yako. Ukitoroka, yeye ndiye anaumia. Kwa hivyo neno lenyewe lina uzito mzuri: mdhamini ni mtu wa kuaminika.

Sasa fungua makala ya kulipiwa kwenye tovuti yoyote ya Kiswahili. Juu ya kichwa, kwa herufi ndogo za kijivu, utaona "Imedhaminiwa na", halafu jina la kampuni. Ni neno lile lile. Lakini hapa hakuna aliyeweka mali yake hatarini kwa ajili yako. Kampuni imenunua nafasi na maneno, na neno linalotakiwa kukuonya limegeuka kuwa sifa. "Kwa hisani ya" ni mbaya zaidi, maana hisani ni wema usiodai malipo. "Kwa ushirikiano na" inakufanya uwaze watu wawili wakilima shamba moja. Ukweli wa biashara ni rahisi kuliko hayo yote: mmoja alitoa pesa, mwingine akaandika.

Mimi niko upande wa anayeandika. Niliacha chuo, nikarudi Masalani, na sasa naishi kwa makala. Baadhi zinalipwa na majarida, na baadhi zinalipwa na kampuni zenye kitu cha kuuza. Hizi za pili ndizo zinazolipa bando. Swali langu kwa hivyo si la kinadharia. Makala ikiwa imelipiwa, unaihariri vipi ili msomaji ajue waziwazi kwamba imelipiwa, na bado aondoke na kitu cha maana? Mteja anaogopa kwamba ukisema wazi, hakuna atakayesoma. Watu wa maadili makali wanasema usichapishe kabisa. Naona wote wawili wanakosea, na sababu yao ni moja: wanadhani msomaji akijua kuna pesa, lazima aache kusikiliza.

Mtu wa huku hawezi kuamini hivyo. Nenda soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya masoko makubwa ya ng'ombe Afrika Mashariki. Katikati ya muuzaji na mnunuzi anasimama dilaal, yule Mswahili anamwita dalali. Kila mtu anajua anakula kamisheni. Hakuna anayefichwa. Na bado watu wanamsikiliza, kwa sababu anajua bei ya jana, anajua ng'ombe ametoka wapi, na mara nyingi yeye ndiye anayesimama kushuhudia kwamba mnyama si wa wizi. Ukimsikiliza unapunguza kidogo pale unapojua kamisheni inamvuta, yaani kwenye bei, na unamwamini pale ambapo akidanganya ataumia mwenyewe, yaani kwenye umiliki. Hiyo ni akili ya kawaida ya soko. Kujua nani analipa hakukufanyi uzibe masikio. Kunakuonyesha ni wapi uyafungue zaidi.

Makala ya kulipiwa inahitaji kumpa msomaji nafasi hiyo hiyo. Kumwambia tu "kuna pesa hapa" hakutoshi. Lazima aweze kuona pesa inavuta sentensi gani.

Tuchukue mfano na tuufanyie kazi hadi mwisho. Nimeuchagua kwa sababu ni bidhaa inayouzwa kwa wafugaji wa kaskazini, na kosa la mwandishi hapo linamgharimu mtu mbuzi, si dakika tano za kusoma. Ni bima ya mifugo inayotegemea setilaiti. Ilianza kuuzwa Marsabit mwezi wa Januari 2010, baada ya utafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo, ILRI, pamoja na washirika wake. Mwaka 2013 Takaful Insurance of Africa ikaingia Wajir na aina yake inayofuata sharia. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wake, ikilipia kaya zilizochaguliwa ada yote. Mpango huo ulianzia Turkana na Wajir, na baadaye ukafika kaunti nyingine, Garissa ikiwemo.

Tuseme kampuni ya bima, ambayo nimeibuni kwa ajili ya zoezi hili, inaleta rasimu ya aina hii:

"Wafugaji wa Ijara sasa wanaweza kulala usingizi. Ukame ukija, setilaiti inaona, na utalipwa hadi shilingi 70,000 moja kwa moja kwenye simu, bila makaratasi wala kumsubiri mkaguzi. Bima hii inafuata sharia kikamilifu. Wafugaji wengi tayari wamefaidika. Wahi kujisajili kabla ya mvua!"

Ukiisoma haraka, hakuna uongo mkubwa. Hapo ndipo ugumu ulipo. Makala ya kulipiwa ni nadra kuwa na uongo. Shida yake iko kwenye yale isiyoyasema, na kwenye maneno madogo kama "hadi" na "wengi".

Hatua ya kwanza ni tamko lenyewe. Tamko zuri linajibu maswali matatu: nani alilipa, alilipia nini, na nani alikuwa na neno la mwisho. Wengi hujibu la kwanza tu. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kampuni iliyolipia nafasi ya tangazo pembeni na kampuni iliyosoma rasimu na kufuta aya. Msomaji anastahili kujua ni ipi. Kwa hivyo naandika: "Tangazo. Kampuni ya bima inayouza huduma hii ililipa makala hii iandikwe na ichapishwe. Iliisoma kabla ya kuchapishwa, lakini uamuzi wa mwisho ulikuwa wa mhariri." Ni sentensi fupi, na neno la kwanza ni "Tangazo", ambalo kila mtu analijua tangu redio. Na ikiwa uamuzi wa mwisho haukuwa wa mhariri, basi hiyo sentensi ya mwisho haiwezi kuandikwa, na hapo mhariri anaona kwa macho yake amekubali kitu gani.

Hili la maneno si mapendeleo yangu tu. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, kwenye mwongozo wake wa Desemba 2015 kuhusu matangazo yanayofanana na habari, ilionya kwamba maneno kama "imeletwa kwako na" yanaweza kumfanya msomaji adhani kampuni ilitoa pesa tu bila kugusa yaliyoandikwa. Ni tatizo lile lile la "imedhaminiwa", kwa lugha nyingine. Kwetu Kenya, kanuni za maadili zilizokuja na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zilisema udhamini wa habari usitumike kuelekeza wala kubana yaliyomo. Msimamo mzuri, lakini hautuambii tuandike neno gani, na wapi.

Na hapo kwenye "wapi" kuna jambo linaloshangaza. Karibu kila tovuti inaweka tamko juu kabisa, juu ya kichwa. Inaonekana ndiyo njia ya uaminifu zaidi. Lakini watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgia, Bartosz Wojdynski na Nathaniel Evans, walichapisha mwaka 2016 majaribio, moja likitumia mashine inayofuatilia macho ya msomaji. Tamko lililowekwa katikati ya makala lilionekana zaidi kuliko lililowekwa juu. Ukifikiria, inaeleweka. Macho yanatua kwenye kichwa cha habari na kushuka. Kilicho juu ya kichwa tumeshazoea kukiruka, kwa sababu miaka yote hapo ndipo mabango ya matangazo yanakaa. Kwa hivyo tamko linawekwa chini ya kichwa, na linarudiwa mahali ambapo macho yanapita.

Huku kwetu kuna sababu nyingine, na nadhani ndiyo kubwa zaidi. Makala haisafiri nzima. Mtu Nairobi anaisoma kwenye tovuti, anakata skrinshoti ya aya mbili, anaitupa kwenye grupu la WhatsApp la familia. Kijana Masalani anaiona, anarekodi sauti kwa Kisomali akimwelezea mjomba aliye na ng'ombe kuelekea Hulugho. Mjomba ndiye mwenye mifugo. Yeye ndiye atakayetoa ada. Na kwa wakati huo lile tamko la kijivu limebaki Nairobi, kwenye tovuti, juu ya kichwa.

Basi tamko liliandikwa kwa ajili ya nani? Kama ni kwa ajili ya yule wa kwanza aliyebofya, kazi imeisha. Lakini yule wa kwanza hana ng'ombe. Anayebeba hatari ni wa mwisho kwenye mnyororo, na yeye ndiye hana njia ya kuliona. Naamini hapo ndipo wajibu ulipo: kipimo cha uwazi ni msikilizaji wa mwisho. Ukikubali hivyo, unaacha kulichukulia tamko kama lebo ya kubandika, unaanza kulichukulia kama sentensi ya kuhariri. Linaingia ndani ya aya ya kwanza, kwenye kiima cha sentensi, mahali ambapo huwezi kulikata bila kuvunja maana: "Kampuni iliyotulipa kuandika haya inauza bima inayowalipa wafugaji malisho yanapokauka." Kijana anayetafsiri kwa sauti atalitamka tu, maana sentensi haina mwanzo mwingine.

Kwa upande wa mashine kuna mambo mawili madogo. Linki ikitumwa WhatsApp, kinachoonekana kwanza ni kichwa kinachochukuliwa kwenye kodi ya ukurasa, kwa hivyo neno "Tangazo" linapaswa kuwa ndani yake. Na linki inayoenda kwa kampuni inapewa alama ambayo Google ilianza kuitambua mwaka 2019:

```html
<meta property="og:title" content="Tangazo: Bima ya mifugo hulipa lini?">
<a href="https://example.com" rel="sponsored">Tovuti ya kampuni</a>
```

Mstari wa kwanza unamfikia binadamu. Wa pili unaiambia Google tu, msomaji hauoni kabisa. Kuna wahariri wanaoweka wa pili na kusema wameweka mambo wazi. Wameyaweka wazi kwa roboti.

Sasa tuingie kwenye mwili wa makala, maana hapa ndipo watu wengi wanaona kazi imekwisha. Tamko limewekwa, dhamiri imetulia, rasimu ipite. Lakini mwaka 2005 Daylian Cain, George Loewenstein na Don Moore walichapisha jaribio ambalo kila mhariri angepaswa kulijua. Walikuwa na chupa ya sarafu. Mtu mmoja aliiona kwa mbali kwa sekunde chache na kutakiwa akisie thamani yake. Mwingine, mshauri, aliiona kwa karibu na kumpa ushauri. Baadhi ya washauri walilipwa zaidi kadiri yule mwenzao alivyokisia juu. Pale mshauri alipotangaza maslahi yake, hakuwa mwaminifu zaidi. Alitaja kiasi cha juu zaidi kuliko wale walionyamaza, na wasikilizaji, ingawa walipunguza kidogo, hawakupunguza vya kutosha. Wakaishia pabaya zaidi kuliko wangeachwa bila kuambiwa.

Yaani tamko linaweza kugeuka kibali. "Si nimesema nimelipwa? Basi shauri yako." Mtu akishakiri anajisikia huru kuvuta. Ndiyo maana siamini kwamba uwazi ni kitu kinachowekwa mwanzoni mwa makala kisha unaendelea. Tamko lazima libadilishe jinsi kila sentensi inayofuata inavyoandikwa. Likiwa halikubadilisha hata sentensi moja, ni pambo.

Tuirudie rasimu, sentensi moja moja.

"Wanaweza kulala usingizi." Hii inafutwa. Hakuna habari ndani yake, na msomaji hapotezi chochote ikiondoka. Mteja akilalamika, muulize sentensi hiyo inamwambia mfugaji afanye nini kesho asubuhi.

"Ukame ukija, setilaiti inaona, na utalipwa." Hapa kuna kitu cha maana kweli, lakini kimefupishwa mpaka kikapotosha. Setilaiti haioni ng'ombe. Inapima ukijani wa ardhi, kwa eneo zima, na kuulinganisha na ulivyokuwa miaka iliyopita katika msimu kama huo. Ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, wote waliolipa ada katika eneo hilo wanalipwa, hata yule ambaye mifugo yake yote iko hai. Usiposhuka, halipwi mtu, hata yule aliyebaki na fimbo tu. Bima yenyewe imejengwa hivyo kwa sababu nzuri: kumtuma mkaguzi kuhesabu mizoga porini Ijara kungegharimu kuliko ada yenyewe, na mtu hawezi kuua mbuzi wake ili alipwe. Haya msomaji anaweza kuyathibitisha bila kuiamini kampuni, kwa hivyo naandika kwa sauti ya kawaida, bila "kampuni inadai". Ukiweka "inadai" kwenye kila sentensi unaua makala kweli, na unamfanya msomaji asitofautishe kinachotiliwa shaka na kisichotiliwa.

"Hadi shilingi 70,000." Neno "hadi" ndilo limelipiwa hapa. Hesabu kama hii inatoka kwenye kipimo kilichotumiwa na mpango wa serikali: kila kaya ilikatiwa bima ya uniti 5, na kila uniti ilikuwa na thamani ya shilingi 14,000 kwa mwaka. Ng'ombe mmoja ni uniti moja, na mbuzi au kondoo 10 ni uniti moja. Kwa hivyo mama mwenye ng'ombe 3 na mbuzi 20 ana uniti 5, na mara 14,000 inakuja 70,000. Lakini hiyo ni dari. Malisho yakipungua kidogo chini ya kiwango, malipo nayo ni kidogo. Mhariri haifuti hiyo namba. Anaiwekea hesabu yake, na kuomba kutoka kwa kampuni jedwali la malipo lililo kwenye mkataba ili msomaji aone msimu wa wastani unalipa nini. Kampuni ikikataa kulitoa jedwali, hilo lenyewe linaandikwa.

"Inafuata sharia kikamilifu." Kwa msomaji wa Masalani hii huenda ndiyo sentensi nzito kuliko zote, na ndiyo ambayo pesa inaigusa zaidi. Nani alisema? Kwa kawaida ni bodi ya sharia ya kampuni yenyewe. Hilo si kosa, bodi hizo zina wanazuoni wa kweli. Lakini sentensi lazima iwe na mwenyewe: "Bodi ya sharia ya kampuni imeipitisha." Halafu ongeza kinachomsaidia mtu kuhoji: aulize kama ada inaingia kwenye mfuko wa pamoja wa wachangiaji, kampuni inachukua kiasi gani kwa kuusimamia, na ziada inaenda wapi. Akiwa na maswali hayo matatu anaweza kwenda kwa sheikh wake mwenyewe.

"Wafugaji wengi tayari wamefaidika." Wangapi, wapi, msimu gani? Kampuni inajua, sisi hatujui. Ikitoa takwimu, zinaandikwa kwa jina lake. Ikikosa, sentensi inatoka.

"Wahi kabla ya mvua!" Kelele inaondolewa, habari inabaki, maana ni ya kweli na ya maana. Bima hii huuzwa kabla ya msimu, kwa kawaida Januari na Februari kabla ya gu, na Agosti na Septemba kabla ya deyr. Mvua ikishaanza kushindwa, dirisha limefungwa. Mtu anayeijua tarehe hahitaji alama ya mshangao.

Baki jambo moja, na hili haliko kwenye rasimu hata kidogo. Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa zilinyesha Kaskazini Mashariki, Tana ikafurika, na homa ya Bonde la Ufa ikalipuka. Garissa, pamoja na Ijara, ilikuwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Mifugo ilikufa, watu walikufa, masoko yakafungwa. Bima ya setilaiti ilikuwa bado haijaanza. Lakini jiulize, kama ingekuwepo, ingelipa? Ardhi ilikuwa imejaa maji na majani. Kipimo cha ukijani kingesoma mwaka mzuri. Mbu waliobeba homa hiyo waliletwa na mvua ile ile iliyootesha nyasi.

Na kuna mathenge. Ule mti wa miiba ulioteka kingo za Tana unabaki kijani hata kiangazi kikali, na kipimo kinachosoma ukijani kinaweza kuchanganya kijani kisicholiwa na nyasi. Mtu wa Marsabit ana wasiwasi mdogo kuhusu hili kuliko mtu wa kando ya mto.

Kwa hivyo mfugaji wa Ijara anahitaji sentensi moja ambayo hakuna mteja atakayeileta kwa hiari yake: bima hii hailipi mnyama aliyekufa kwa ugonjwa, mafuriko, fisi au wizi. Hii ndiyo sentensi inayotofautisha makala yenye faida na bango la barabarani. Pia ndiyo itakayoleta ubishi. Hapa mhariri anahitaji hoja ya biashara, si mahubiri. Mfugaji aliyenunua akidhani amekatia bima kila kifo atakuja kukasirika mwaka wa homa, atawaambia majirani, na dirisha linalofuata hakuna atakayejisajili kisima kizima. Kampuni yenye akili inaelewa hivyo. Isiyoelewa ikisisitiza sentensi iondoke, basi makala haichapishwi. Tamko liwe kubwa kiasi gani, haliwezi kuiokoa makala iliyokatwa jambo ambalo msomaji atalilipia kwa mifugo yake.

Ukiyaweka pamoja, rasimu inageuka hivi:

"Tangazo. Kampuni ya bima inayouza huduma hii ililipa makala hii iandikwe na ichapishwe. Iliisoma kabla ya kuchapishwa, lakini uamuzi wa mwisho ulikuwa wa mhariri.

Kampuni iliyotulipa kuandika haya inauza bima inayowalipa wafugaji wa Ijara malisho yanapokauka. Hailipi kwa kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa eneo zima, na ukishuka chini ya kiwango cha mkataba, kila aliyelipa ada hapo hulipwa. Mnyama akifa kwa homa, mafuriko, fisi au wizi, bima hii haihusiki. Kwa mifugo ya kiasi cha ng'ombe 5, malipo ya juu kabisa ni shilingi 70,000, na msimu usio mbaya sana hulipa kidogo kuliko hapo. Bodi ya sharia ya kampuni imeipitisha; muulize ajenti ziada ya mfuko inaenda wapi. Usajili ni kabla ya gu na kabla ya deyr. Kabla hujalipa, omba uonyeshwe kwenye ramani eneo lako linaishia wapi, na kama kingo za mto zenye mathenge zimo ndani yake."

Ni ndefu kuliko ya kwanza. Jina la pesa limo mara mbili. Na niambie, ni ipi kati ya hizi mbili ungemtumia mjomba wako? Mteja aliogopa kwamba uwazi utaua faida ya makala. Ukifunika tamko kwenye rasimu ya kwanza na kwenye hii ya pili, utaona ya kwanza haikuwa na faida nyingi ya kuuliwa. Tamko linaua tu makala ambayo sifa ndiyo bidhaa yake pekee.

Wale wa maadili makali nao wana jibu lao hapa. Jarida dogo halina pesa za kumtuma mwandishi Ijara kueleza jinsi setilaiti inavyosoma nyasi. Kampuni inayo. Tukikataa kabisa pesa hiyo, maelezo hayo hayataandikwa na mtu safi zaidi. Hayataandikwa. Mfugaji atayapata kwa ajenti mwenye pikipiki na fomu, na ajenti hana mhariri.

Kabla ya kuchapisha kuna jaribio moja ambalo halihitaji mashine ya macho. Mpe mtu asiyehusika aisome kwa sauti, kisha amwelezee mwingine kwa lugha yao ya nyumbani, bila kuangalia tena. Muulize huyo wa pili maswali mawili. Nani alilipia haya? Ng'ombe akifa kwa homa, utalipwa? Akikosa la kwanza, tamko halijasafiri, lirudishe ndani ya sentensi. Akikosa la pili, makala bado ni ya kampuni, si ya msomaji. Akiyajibu yote mawili, itume, na udai malipo yako bila kuona haya.